Barua ya uzito kwa mtoto ambaye shida yake ilikuwa urefu

Mi ni nesi wa shule ya msingi, kila muhula napima watoto wote urefu na uzito, na hiki kisa ni cha barua mbili zilizoenda nyumba moja kuhusu mtoto mmoja, zikipishana miezi minne. Ya kwanza ilikuwa mbovu. Niliiandika mwenyewe kwa hiyo naweza kuisema nitakavyo.

Mtoto ni msichana, wakati huo ana miaka 8 na miezi 8. Barua ilikuwa na mistari mitatu tu: mzazi, mwanao amepimwa na ameonekana uzito wake umezidi, tunakushauri uangalie lishe na mazoezi, na ukiweza umpeleke kituo cha afya. Sahihi, tarehe, bahasha. Siku hiyo nilitoa barua kama hizo kadhaa, maandishi yaleyale, nabadilisha jina tu.

Baba yake alipiga simu kesho yake asubuhi. Hakutukana ila alikuwa amekasirika ile ya kuongea taratibu. Alikuwa ameingia mtandaoni, akachukua uzito na urefu nilioandika, akapiga hesabu ya kilo gawanya kwa mita mara mita, akapata 18.3, halafu akasoma kwamba mtu akiwa chini ya 18.5 ni mwembamba. "Sasa nesi, mwanangu kwa hesabu hii ni mwembamba, we unaniambia amezidi, tumsikilize nani?" Na kwa alichokisoma alikuwa sahihi kabisa, maana ile 18.5 ni ya watu wazima. Kwa mtoto namba haisomwi peke yake, inawekwa kwenye grafu ya umri na jinsia yake, na sisi tunatumia ile ya Shirika la Afya Duniani ya 2007 ya miaka 5 hadi 19. Kwa msichana wa umri ule mstari wa kati upo kama 16, na mstari wa juu wa kwanza, ule wa +1 ambao akiuvuka tunasema uzito umezidi, upo kama 18.1. Huyu alikuwa 18.3, kauvuka kidogo tu. Hayo yote barua yangu haikuyasema hata neno moja, ndo maana baba wa watu akaenda kujitafutia.

Nikamweleza kwenye simu, akaelewa, akasema sawa. Kule nyumbani wakapunguza chakula cha mtoto. Na mi nikaridhika, nikaandika kwenye rejista "mzazi ameelimishwa", nikafunga ukurasa.

Sasa ngoja niweke namba zake zote hapa kwa sababu kisa chenyewe kimelala humo.

Miaka 8 kamili: urefu sentimita 124.3, uzito kilo 25.4.
Miezi minne baadaye: 126.3, kilo 27.2.
Miezi minne tena, ndo muhula wa barua ya kwanza: 125.6, kilo 28.9.
Miaka 9 kamili: 126.2, kilo 30.1.

Angalia mstari wa pili na wa tatu. Mtoto alikuwa 126.3 kisha akawa 125.6. Mtoto hafupiki! Niliiona ile siku ya kupima, nikajisemea moja kati ya hizi imekosewa, nikaendelea na mtoto aliyefuata maana foleni ilikuwa imefika mlangoni. Rejista yetu inaweka alama nyekundu namba ikivuka mstari, basi, haiulizi kwa nini mtoto kapungua urefu.

Muhula wa nne ndo niliposhtuka, na kilichonishtua hakikuwa kipimo. Alipanda kwenye mizani, uzito umeongezeka tena kilo na ushee japo nyumbani wanambania, na alipovua viatu nikaona vimechakaa mpaka soli imeanza kuachia ila mguu bado unaingia bila shida. Nikamuuliza hivi viatu vya lini, akasema vya tangu mwaka jana. Wenzake wa umri huo viatu vinawabana kabla havijachakaa. Nikarudi kwenye rejista nikasoma safu ya urefu peke yake kwa mara ya kwanza, 124.3 hadi 126.2, mwaka mzima, sentimita 1.9.

Mtoto wa umri ule ambaye hajaanza balehe anaongezeka kama sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Chini ya 4 kwa mwaka ni ya kuuliza hata kama mtoto anaonekana mzima. Na cha kuudhi ni kwamba urefu wake wenyewe haukuwa umevuka mstari wowote mwekundu. Msichana wa miaka 9 mstari wa kati ni kama 132.5 na ule wa chini wa tahadhari, wa −2, ni kama 120. Yeye na 126.2 yake yupo ndani vizuri tu. Ukimwangalia siku moja unasema huyu ni mfupi kiasi, wapo wengi. Ila mwaka mmoja nyuma alikuwa karibu kabisa na mstari wa kati, yaani wenzake wanapanda ngazi na yeye kasimama palepale.

Kuna jambo moja manesi wa shule tunatakiwa tulijue kama jina letu. Mtoto anayenenepa kwa sababu ya kula sana na kukaa sana kwa kawaida anakuwa mrefu pia, mara nyingi mrefu kuliko wenzake, chakula kinampandisha pande zote. Mtoto ambaye uzito unapanda na urefu umesimama ni habari nyingine, hapo unaanza kufikiria homoni, na kumpunguzia sahani hakumsaidii. Barua yangu ya kwanza ilimweka kundi la kwanza wakati yupo la pili, na sababu ni kwamba niliangalia ile namba ya mwisho tu, uzito ukishagawanywa kwa urefu. Ile namba inapanda kwa njia mbili, kilo zikipanda haraka au sentimita zikikwama, na yenyewe haikwambii ni ipi.

Na ile 126.3 je? Nilimuuliza msaidizi wangu aliyepima muhula ule, akakumbuka kwamba watoto wengi wa kike siku hiyo nywele zilikuwa zimefungwa fundo utosini na kibao kilishushwa juu ya fundo. Hapo unapata sentimita moja na zaidi ya bure. Urefu wake wa kweli siku ile pengine ulikuwa kwenye 125 hivi. Tazama madhara yake sasa, kosa lile lilifanya ionekane kama ameongezeka sentimita 2 kwa miezi minne, ukuaji mzuri kabisa, kwa hiyo muhula ambao ningeweza kushtuka ndo ulionituliza.

Kabla ya kumwita mzazi nilimpima upya, siku nyingine, asubuhi, na mwalimu mwingine akasoma kipimo bila kuona namba yangu. Asubuhi kwa sababu mtu mchana anafupika kidogo, uti wa mgongo unajikandamiza kwa kusimama na kukaa, inaweza kufika sentimita nzima jioni. Viatu nje, nywele zifunguliwe, visigino, makalio na mabega vigusane na ubao, na kichwa kisiinuliwe wala kuinamishwa, unatafuta ukingo wa chini wa jicho na tundu la sikio viwe usawa mmoja. Watoto wanapenda kunyanyua kidevu wakidhani wanarefuka, kumbe utosi unarudi nyuma. Nilipata 126.1, mwalimu akapata 126.3. Basi, ni kweli.

Mama ndo alikuja. Sikumwanzia na uzito. Nilimwonyesha grafu yenye nukta nne, ile ya fundo nikaizungushia duara nikamwambia hii ni yetu, tulikosea. Akaangalia akaniambia, "Kwetu sote wafupi, nesi." Hili wazazi wengi wanalisema na mara nyingi ni kweli, lakini mtoto wa ukoo mfupi anakua kwa mwendo uleule wa wenzake, ila kwenye mstari wa chini. Anafuata mstari wake, haukatizi kushuka. Huyu alikuwa anaukatiza. Tena mama mwenyewe nilipomsimamisha hakuwa mfupi hata kidogo, akacheka.

Nikamuuliza maswali ya kawaida, anapata choo vipi, analala vipi, baridi. Hapo ndo yakaanza kutoka. Choo kigumu siku tatu nne. Sweta hataki kuvua wenzake wakiwa wanatoka jasho. Ngozi kavu mpaka anampaka mafuta mara mbili. Akitoka shule analala. Kila moja peke yake lina maelezo yake, na mama alikuwa na maelezo ya kila moja. Darasani hakuna aliyelalamika, alikuwa mtoto mtulivu anayepata alama nzuri tu, na mtoto mtulivu hakuna anayemripoti.

Barua ya rufaa kwa daktari nilijaza namba zote nne na tarehe zake, na ile ya fundo nimeiandikia "haiaminiki, nywele". Sikuandika ugonjwa, hiyo si kazi yangu, niliandika urefu sentimita 1.9 kwa miezi 12, uzito kilo 4.7 kwa muda huohuo, uchovu, choo kigumu, baridi. Daktari aliyepata karatasi yenye nukta za mwaka mzima ana pa kuanzia, ila mzazi akifika na kauli ya "shule imesema amenenepa" anarudishwa nyumbani na ushauri wa mboga.

Damu ilipimwa tezi ya thairoidi, ile iliyopo mbele ya shingo. TSH, homoni inayotoka chini ya ubongo kuiamuru tezi ifanye kazi, ilikuwa juu sana na homoni yenyewe ya tezi ipo chini, maana yake ubongo unapiga kelele tezi ifanye kazi na tezi haiwezi. Chanzo kikaonekana ni kinga ya mwili kuishambulia tezi, ambayo ni sababu ya kawaida kwa watoto wa umri huo pale ambapo madini joto yanatosha. Picha ya mifupa ya mkono ilionyesha mifupa iko nyuma ya umri wake, jambo ambalo lilinitia moyo maana mifupa iliyochelewa bado ina nafasi ya kurefuka. Alianzishiwa levothiroksini, kidonge kimoja asubuhi kabla hajala, na damu kurudiwa baada ya wiki kadhaa ili dozi irekebishwe.

Ndipo nikakaa kuandika barua upya, ya wazazi wote, na hii ndo inatumika sasa kabla ya kila upimaji. Naiweka karibu yote.

"Kwa mzazi au mlezi. Wiki ijayo tutapima urefu na uzito wa watoto wote kama tunavyofanya kila muhula. Mtoto anapimwa peke yake nyuma ya pazia, hatutaji namba kwa sauti, na mwenzake haambiwi. Kama hutaki mwanao apimwe tuandikie, hakuna adhabu wala swali. Siku hiyo tunaomba nywele zisifungwe utosini.

Tunapima kila muhula kwa sababu kipimo kimoja kinatuambia mtoto yuko wapi tu, hakituambii anaelekea wapi. Mtoto mdogo wa umbo anayepanda kila mwaka kwa mwendo wake hana shida. Mtoto wa umbo la kati aliyesimama anaweza kuwa nayo, na hilo hatulioni bila vipimo vya nyuma. Urefu tunaulinganisha na wa muhula kama huu mwaka jana, hatuulinganishi na wa muhula uliopita, kwa sababu katika miezi minne mtoto anaongezeka chini ya sentimita 2 hivi, na kosa dogo la upimaji linaweza kula nusu yake. Vipimo vya katikati vinatusaidia kugundua pale tulipokosea, na pia kuona uzito, ambao unaweza kubadilika haraka zaidi.

Usipopata barua nyingine kutoka kwetu ndani ya wiki tatu, hakuna tulichokiona cha kukusumbua. Namba za mwanao unaweza kuja kuziona wakati wowote.

Ukipata barua ya pili, maana yake kipimo kimewekewa alama. Alama si ugonjwa na si hukumu juu ya chakula cha nyumbani kwako. Kabla ya kukuandikia tutakuwa tumempima mara ya pili siku nyingine, kwa mtu mwingine, na alama nyingi zinaishia hapo. Barua hiyo itasema kilichoonekana ni nini hasa: uzito umepanda, uzito umeshuka, au urefu umesimama, kwa sababu haya ni mambo matatu tofauti. Itasema pia tunachopendekeza, ama tusubiri muhula ujao, ama uje tuongee, ama uende kwa daktari na karatasi yetu.

Tafadhali usimpunguzie mtoto chakula wala kumwongezea kwa sababu ya barua yetu kabla hatujaongea. Usimwambie mtoto namba yake kama jambo la aibu. Namba zetu usizilinganishe na zile za watu wazima, kwa mtoto zinasomwa kwa umri na jinsia.

Ukienda kwa daktari chukua karatasi yetu yenye vipimo vyote na tarehe, mwambie pia urefu wa baba na wa mama. Akishamwona, tuletee jibu kwa maneno yako tu, hatuhitaji vyeti. Na uzito ukiwa umeshuka kati ya mihula miwili, au tukimkuta mtoto amekonda sana, hatutasubiri barua, tutakupigia simu siku hiyohiyo."

Ile aya ya kutopunguza chakula mwalimu mkuu alitaka niitoe, akaona inawapa ruhusa wazazi wa watoto wanene kukaa kimya. Nilikataa. Huyu binti alibaniwa chakula miezi minne kwa ajili ya mistari yangu mitatu, na mama aliniambia kuna siku alimkuta anakula mabaki jikoni usiku gizani ili asionekane. Mtoto anayekua anapopunguziwa chakula kienyeji anaweza kupunguza mwendo wa kurefuka, na kama kweli uzito umezidi kwa sababu ya mlo, kwa wengi tunachotaka ni kilo zisimame huku urefu ukipanda, jambo linalopangwa na mtu anayelijua.

Neno "alama" pia lilinichukua muda. Nilianza na "tatizo", nikaweka "hali isiyo ya kawaida", yote yanasomeka kama majibu ya maabara. Alama angalau mtu anaelewa ni kitu kimewekwa na mtu na kinaweza kufutwa.

Kuna mipaka yake, tusidanganyane. Ile sentimita 4 kwa mwaka inakamata pia watoto wazima kabisa, hasa wanaokaribia balehe, maana wengi mwendo unapungua kidogo kabla ya kuruka, na wavulana wanaochelewa balehe wanaweza kukaa hivyo muda mrefu kiasi huku wenzao wanawapita kichwa. Muhula wa kwanza wa utaratibu mpya nilikuwa na alama sita za urefu, kurudia kipimo kukafuta nne, nywele na visigino tu. Waliobaki wawili mmoja ni mvulana ambaye baba yake naye alirefuka akiwa amechelewa, tunamwangalia, na mwingine bado majibu hayajarudi.

Rejista haijabadilika, bado inaweka nyekundu kwa mistari tu, kwa hiyo nimechora safu kwa kalamu pembeni: "sm tangu mwaka jana". Kujaza safu hiyo darasa moja inanichukua karibu saa nzima na mara nyingi naifanya nyumbani. Kwa yule binti safu imeandikwa 1.9 kwa wino mwekundu. Miezi minane baadaye, akiwa ametumia dawa karibu miezi saba, alikuwa 131.1, sentimita 4.9 zimeongezeka, na uzito kilo 30.4, yaani kilo karibu zimesimama zenyewe bila mtu kumgusa sahani. Viatu alikuwa na vipya, na tayari analalamika vinambana.